Sindano ya miezi mitatu: umechelewa kiasi gani?

Haya ni mazungumzo niliyofanya na vijana wa kidato cha tatu na cha nne. Kabla hatujaanza niliwaomba waandike maswali yao kwenye vikaratasi bila majina na kuvitumbukiza kwenye boksi. Nilitegemea maswali ya kila aina, lakini vikaratasi vingi vilirudia jambo moja kwa maneno tofauti. Kimoja kiliandikwa hivi: "Mtu akipitiliza siku ya Depo, mimba inaingia hapo hapo au inasubiri?" Basi nikaacha niliyokuwa nimeyaandaa, tukazungumza hilo tu. Na wewe unayesoma, kaa vizuri, chukua kalamu na kalenda kama ipo karibu, maana leo kuna kuhesabu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia sindano ipi. Hii ni ile inayoitwa Depo-Provera, au Depo kwa kifupi. Ni dawa ya homoni, miligramu 150, inayochomwa kwenye msuli wa mkono au wa tako. Ndugu yake mdogo ni Sayana Press, miligramu 104, inayochomwa chini ya ngozi kwa kasindano kafupi, na wanawake wengine hufundishwa kujichoma wenyewe nyumbani. Hesabu ya siku za hizi mbili ni moja. Ila ipo sindano nyingine, Noristerat, ambayo ni ya miezi miwili, na hesabu yake ni tofauti kabisa. Kwa hiyo usitoke kliniki bila kujua jina la ulichochomwa. Uliza, nesi aliandike kwenye kadi.

Sasa, dawa ile ikishaingia inafanya nini? Inakaa pale pale ilipochomwa kama akiba, na kila siku kiasi kidogo kinaingia kwenye damu. Kiasi hicho kinatosha kuzuia yai lisitoke. Tena kinafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za kiume zishindwe kupita. Ndiyo sababu unaambiwa usipasugue wala kupakanda pale ulipochomwa, hata kama panauma. Ukipakanda, dawa inaweza kuingia kwenye damu haraka kuliko ilivyokusudiwa, na akiba ikaisha mapema.

Akiba hiyo haikatiki ghafla kama umeme. Inapungua taratibu, na haipungui kwa kasi moja kwa wanawake wote. Yuko ambaye mwilini mwake dawa inakaa muda mrefu, na yuko ambaye inaisha upesi zaidi. Hakuna anayeweza kujitazama kwenye kioo akajua yeye ni wa kundi gani. Kwa hiyo wataalamu waliweka tarehe ya kurudi mapema kidogo, kabla dawa haijapungua mno hata kwa wale ambao kwao inaisha upesi. Zile siku zinazobaki katikati ndizo zinazompa nafasi mtu aliyechelewa.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sindano ya Depo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, yaani wiki 13. Unaweza kuchomwa hata wiki mbili kabla ya tarehe hiyo. Na ukichelewa, una nafasi ya hadi wiki nne baada ya tarehe, na bado utachomwa bila kuhitaji kinga nyingine. Zamani nafasi hiyo ilikuwa wiki mbili tu. Ilipofika mwaka 2008 shirika hilo lilipitia ushahidi uliokuwapo, likaona kwamba mimba zinazoingia katika wiki hizo nne za mwanzo ni chache sana, ndipo likaiongeza. Ile ya miezi miwili, Noristerat, ilibaki na wiki mbili.

Ukisoma kwenye mtandao utakuta namba nyingine. Uingereza wanasema isizidi wiki 14 tangu uchomwe, Marekani wanasema 15. Shirika la Afya Duniani, ukijumlisha 13 na 4, linafika 17. Usichanganyikiwe. Mwili ni ule ule, tofauti ni kiasi cha tahadhari ambacho kila nchi imechagua. Ila kuna kitu kimoja hao wote wanakubaliana: siku za nyongeza ni za mtu aliyechelewa, siyo za kupanga. Mtu anayejiambia "mimi nitakwenda wiki ya 17" amejipeleka mwenyewe ukingoni, na siku hiyo mvua ikinyesha au dawa ikiwa imekwisha kituoni, ameshapitiliza. Na kama mhudumu wako amekuandikia tarehe ya wiki ya 12, ifuate hiyo hiyo iliyo kwenye kadi.

Haya, tuje kwenye kalenda. Nasema wiki, sisemi miezi, kwa sababu miezi inadanganya, mmoja una siku 28 na mwingine 31. Wiki haidanganyi. Wiki 13 ni siku 91, na uzuri wake ni kwamba siku ya kurudi inaangukia siku ile ile ya wiki. Ulichomwa Jumatatu, unarudi Jumatatu.

Tuseme kuna dada mmoja wa Dar es Salaam, fundi cherehani. Alichomwa Jumatatu tarehe 6 Januari 2025. Hesabu wiki 13 mbele: inaangukia Jumatatu tarehe 7 Aprili. Umeliona tatizo? Tarehe 7 Aprili ni siku ya Karume, sikukuu ya kitaifa, na kliniki nyingi za uzazi wa mpango zimefungwa. Angetazama kalenda mapema angeliona hilo. Wiki mbili kabla ya tarehe yake zinaanza Jumatatu tarehe 24 Machi, kwa hiyo kuanzia siku hiyo angeweza kwenda siku yoyote ya kazi akachomwa. Lakini wiki ile watu walikuwa wanakimbizana na nguo za Idi, na fundi gani anaondoka kwenye cherehani siku kama hizo? Akasema nitakwenda ikipita. Idi ikapita, tarehe ikapita.

Mwisho wa nafasi yake ni wiki nne baada ya tarehe 7 Aprili, yaani Jumatatu tarehe 5 Mei. Andika tarehe hiyo pembeni, maana kila kitu kinachofuata kinaizunguka.

Tuseme alikwenda Jumanne tarehe 15 Aprili. Amechelewa siku nane. Anachomwa hapo hapo. Hahitaji kupima mimba, hahitaji kondomu za ziada kwa ajili ya kuzuia mimba, na hakuna sababu ya kumgombeza. Ila wengi wanakosea hapa: tarehe yake inayofuata haihesabiwi tena kutoka 7 Aprili, inahesabiwa kutoka siku aliyochomwa kweli. Kutoka Jumanne tarehe 15 Aprili, wiki 13 zinamfikisha Jumanne tarehe 15 Julai.

Sasa tuseme hakwenda Aprili yote. Alikwenda Jumatatu tarehe 12 Mei, wiki tano baada ya tarehe yake, na wiki moja nje ya nafasi. Je, arudishwe nyumbani? La. Aulizwe swali moja tu: tangu tarehe 5 Mei umelala na mwanaume bila kinga? Swali halihusu Januari wala Machi, kwa sababu siku hizo dawa ilikuwa inafanya kazi.

Akijibu kwamba hajakutana na mtu tangu hapo, au kila mara walitumia kondomu, anachomwa siku hiyo hiyo. Lakini safari hii anahitaji kinga ya ziada kwa siku saba, kwa sababu akiba ya zamani huenda ilikwisha na dawa mpya inahitaji muda wa kufanya kazi yake. Ama asikutane na mwanaume kabisa, ama watumie kondomu kila mara. Kuanzia tarehe 12 hadi 18 Mei ndizo siku saba. Tarehe 19 Mei yuko sawa tena.

Akijibu kwamba ndiyo, Ijumaa tarehe 9 Mei walikutana bila kondomu, hapo zimepita siku tatu. Bado kuna la kufanya. Vipo vidonge vya dharura, vile vya levonogestreli ambavyo vijana mnaviita P2, vinavyoweza kumezwa ndani ya siku tano tangu tendo. Lakini mtu asijivutie hadi siku ya tano, maana kadiri anavyomeza mapema ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Dada yetu atameza vidonge siku hiyo hiyo, atachomwa sindano siku hiyo hiyo, na atatumia kondomu kwa siku saba kama tulivyosema. Halafu atapima mimba wiki tatu baada ya tendo lile, yaani kuanzia tarehe 30 Mei, ili awe na uhakika.

Mbona asipime siku ile ile ya tarehe 12? Kwa sababu kipimo cha mkojo kinatafuta homoni ya mimba, na homoni hiyo haianzi kuonekana siku tatu baada ya tendo. Kipimo kingesema hana, na jibu hilo lisingekuwa na maana yoyote. Wasichana wengi wanapima mapema, wanaona mstari mmoja, wanafurahi, basi hawapimi tena.

Na kama siku tano za vidonge zimeshapita? Aende hivyo hivyo, aseme ukweli wa tarehe zake. Mhudumu anaweza kumpa kondomu za kutumia mpaka wiki tatu zitimie apime, au wakakubaliana achomwe na apime baadaye. Dawa hii haijulikani kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo sindano iliyochomwa kwa bahati mbaya juu ya mimba changa siyo ya kumtia mtu kiwewe.

Nilipofika hapo msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza, "Lakini dada, si atasubiri tu aone siku zake? Akiona, hana mimba." Swali zuri sana, na limewaponza wengi. Kwa mtu asiyetumia sindano, hedhi ni ishara nzuri. Kwa mtu wa Depo siyo ishara. Sindano hii inabadilisha hedhi. Miezi ya mwanzo damu inaweza kutoka ovyo ovyo, na baada ya mwaka mmoja wa kuchomwa wengi hawaoni siku zao kabisa. Hiyo siyo ugonjwa, na damu haijajazana mahali popote tumboni. Lakini maana yake ni kwamba kukosa hedhi hakukuambii kama una mimba au huna. Tena hakukuambii kama dawa ingalipo au imekwisha, kwa sababu hedhi inaweza kuchelewa kurudi hata pale yai linapoanza kujiandaa kutoka.

Lipo na kosa linalofanywa upande wa pili wa meza, na mimi nimelisikia kwa wasichana zaidi ya mara moja. Msichana amechelewa, anafika kituoni, anaambiwa: "Nenda, urudi ukiwa kwenye siku zako." Anakwenda. Anasubiri hedhi ambayo sindano yenyewe iliiondoa. Wiki ya kwanza haiji, ya pili haiji, na katika kusubiri huko hana kinga yoyote. Anaporudi, mimba ipo kweli. Kama wewe au dada yako mtajibiwa hivyo, semeni kwa adabu: "Nesi, mimi sindano imenikatisha hedhi, siwezi kuingoja. Naomba tuhesabu tarehe." Taja tarehe uliyochomwa, taja siku ya mwisho mliyokutana bila kinga kama ipo. Na ikibidi uondoke bila sindano, usiondoke mikono mitupu. Omba kondomu. Vivyo hivyo siku utakayoambiwa dawa imekwisha, uliza itafika lini au kituo gani cha jirani kinayo, na uondoke na kinga ya kukusogeza.

Wengine mtasema, hiyo ni sindano ya kurudia, je, ya kwanza? Ya kwanza ni rahisi. Ukichomwa ndani ya siku saba tangu hedhi ilipoanza, unakingwa bila kuhitaji kitu kingine. Ukichomwa siku nyingine yoyote, nesi akiwa na uhakika wa kutosha kwamba huna mimba, ongeza kondomu kwa siku saba. Ni zile zile saba.

Nije kwenu mnaokaa bweni, maana nyinyi ndio mnaobanwa na kalenda kuliko fundi cherehani. Siku ya kufunga shule na kufungua huzijui kwa makadirio, unazijua kwa tarehe. Siku unayochomwa wakati wa likizo, hesabu wiki 13 hapo hapo ukiwa bado kwenye benchi la kliniki, uone zinaangukia wapi. Zikiangukia siku chache baada ya kufungua shule, tumia zile wiki mbili za mbele: nenda kabla hujapanda basi. Zikiangukia katikati ya muhula, angalia likizo fupi iko wapi, ndani ya wiki mbili kabla au baada kidogo. Kama hakuna njia, mwambie mhudumu mapema. Huenda akakushauri njia inayokaa muda mrefu, kama kijiti kinachowekwa mkononi, usihangaike na tarehe tena. Kuchelewa kwa siku kumi kwa sababu ya mitihani hakukuharibii kitu, tumeshaona. Kuchelewa kwa wiki sita ni habari nyingine.

Kikaratasi kimoja nadhani kilitoka kwa mvulana. Kiliuliza: "Kama msichana anachoma sindano, kondomu za nini?" Kaka, siku saba tumeshazieleza. Lakini hata siku zote nyingine, sindano inazuia mimba tu. Virusi vya Ukimwi, kisonono na kaswende haviijui sindano. Kwa hiyo ninaposema "hahitaji kinga ya ziada" katika mazungumzo haya, nasema habari za mimba peke yake. Na kama unajua mwenzako anachoma Depo, basi na wewe ujue tarehe yake. Siyo kumchunga, ni kujua wiki ipi msithubutu bila kondomu.

Kikaratasi kingine: "Nasikia Depo inakaa mwilini mwaka mzima, hata ukiacha hushiki mimba. Sasa kuchelewa kuna hatari gani?" Hapa kuna ukweli nusu. Ni kweli kwamba wanawake wanaoacha Depo ili wapate mtoto huchelewa. Kwa wastani mimba huja kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho. Lakini wastani maana yake wako waliosubiri mwaka na nusu, na wako waliopata mapema sana. Wewe hujui ni yupi. Kwa watumiaji wa kawaida, wakiwemo wanaochelewa, hupatikana mimba kama 4 kwa kila wanawake 100 katika mwaka. Wanaorudi kwa wakati kila mara hawafiki hata 1. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na tarehe tu.

Cha mwisho nilichosoma kilikuwa kifupi: "Kadi imepotea." Rudi kituo kile kile kwanza, kwa sababu nacho kina daftari la kumbukumbu na tarehe yako inaweza kupatikana humo. Kama haipatikani, jaribu kuifunga kwenye tukio: ilikuwa kabla ya mitihani, ilikuwa wiki ya msiba wa babu, ilikuwa Jumatano ya gulio. Ukipata walau wiki, hesabu kutoka hapo. Usipopata kabisa, jihesabu kama mtu aliyepitiliza wiki nne: kondomu kuanzia leo, maswali yale yale ya mhudumu, sindano, siku saba za kondomu, na kipimo baada ya wiki tatu kama kuna tendo la wasiwasi. Na kadi mpya ukishaipata, tarehe ya kurudi inakili na mahali pengine, hata nyuma ya daftari la hisabati. Huna haja ya kuandika ni ya nini. Andika tu "7/4", wewe utajua.